Niliacha Kizimba Sokoni, Nikahamia Ghorofa ya Pili

Bi. Ethel mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi hiyo mama yangu mzazi kule Makote, Newala, anakwenda kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kukodisha mikorosho yake, na anaikodisha kwa ajili yangu, na sababu niliyompa ni ya uongo, na siwezi kuueleza uongo wenyewe mpaka nianzie mbali kidogo, univumilie.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Masasi, mume wangu ni mwalimu, tuna watoto wawili. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na kizimba soko kuu, nauza vitenge, khanga, madera na sare za shule, nalipa halmashauri elfu thelathini kwa mwezi, na biashara ilikwenda kama zinavyokwenda zote huku kwetu, yaani malipo ya korosho yakitoka watu wanamiminika kutoka Lisekese na vijiji vingine wananunua doti mbilimbili, na miezi mingine unauza kwa mali kauli, mtu anachukua leo atalipa msimu, na wewe unaandika kwenye daftari na unamjua mpaka shamba lake. Jirani yangu wa kizimba alikuwa Mwanaisha, anauza mashuka na vyombo vya plastiki, tumeshirikiana naye mambo mengi, akienda kuswali namuangalizia, nikienda kanisani ananiangalizia.

Mwaka jana likafunguliwa hili jengo la vioo, Mwamba Plaza, ghorofa tatu, chini duka kubwa la kila kitu unachukua mwenyewe na kikapu, kona moja juisi na aiskrimu, juu fremu za sisi wadogo, vyoo vya maji, mtandao wa bure, ubaridi unaokupokea mlangoni, na mimi, Bi. Ethel, nilipoingia siku ya kwanza nikaona miaka yangu yote kumi na mmoja niliipoteza kwenye tope na harufu ya dagaa. Meneja wake anaitwa Cecil, kijana mtanashati, akanipandisha ghorofa ya pili akanionyesha fremu ya mita za mraba ishirini, elfu ishirini kwa kila mita, nilipie miezi sita mbele, na juu yake kila mwezi kuna mchango wa walinzi, usafi na jenereta. Nikamwambia ni nyingi. Akasema, "Mama Huruma, hapa hununui chumba, unanunua watu wanaopita mlangoni." Nikayaamini maneno hayo kama nilivyoyasikia.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kurasa tisa, nikasoma ya kwanza na ya mwisho. Ndani yake imeandikwa kwamba nifungue saa tatu asubuhi nifunge saa tatu usiku, nikifunga mapema faini, nisitundike nguo nje ya mlango, bei zibandikwe, kodi ipande asilimia kumi kila mwaka, na kwa muda wote wa mkataba nisiwe na sehemu nyingine ya kuuza nguo ndani ya kilomita tatu. Kwa hiyo nikaandika barua ofisi ya soko kurudisha kizimba changu, nao wakampa Mwanaisha kwa sababu alikuwa ameomba nafasi ya pili siku nyingi. Siku nahamisha mizigo alinisaidia kufunga mabelo, akaniambia, "Mwenzangu, wateja wetu hawa watapanda ngazi?" Nikamjibu mbele za watu, "Wateja wako ndio wasiojua ngazi. Baki na tope lako." Watu walicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kufunga kamba.

Miezi mitatu ya mwanzo niliuza vizuri, ilikuwa msimu na jengo lilikuwa jipya, kila mtu anakuja kushangaa. Januari ndipo nilipojua niko wapi. Lile duka kubwa la chini likapanga sare za shule na khanga karibu kabisa na mlango, kwa bei ninayonunulia mimi Dar es Salaam, maana wao wanaleta lori zima. Nikamfuata Cecil nikamwambia mbona wanauza vitu vyangu, akaniuliza, "Kwenye mkataba kuna mahali tulikuahidi utauza peke yako?" Hapakuwepo. Baadaye karani wa ofisi yake akaniambia kwamba duka lile linalipa elfu saba tu kwa mita, kwa sababu ndilo linaloleta watu, na sisi wa juu ndio tunaolifidia.

Na watu wapo, Bi. Ethel, ndicho kinachonitia wazimu, jengo linajaa kila siku kuanzia saa kumi jioni, vijana wa mji mzima wako pale, lakini wamekaa. Wanne wanagawana juisi moja kwa mirija minne, saa tatu nzima, wanajipiga picha kwenye ngazi zile kama zimejengwa kwa ajili ya nyuso zao, wanatumia mtandao, wanaingia chooni kujiangalia kwenye kioo, wanaondoka. Siku moja waliingia mabinti wawili dukani kwangu, mmoja akajaribu gauni la kitenge lenye mikono ya puto, akageuka huku na huku, mwenzake akampiga picha labda kumi, akalivua akalirudisha akasema ahsante mama. Wiki iliyofuata nikamuona kanisani amevaa gauni lilelile. Nikamuuliza kalipata wapi. Akasema bila aibu, "Nilimpelekea fundi Alfani ile picha." Na huyu Alfani ni fundi cherehani aliyekuwa na fremu upande wa pili wa barabara mkabala na plaza, mwenye nyumba akampandishia kodi zaidi ya mara mbili kwa kuwa sasa ni mtaa wa plaza, akashindwa, mahali pake pakaingia chipsi na vifaa vya simu, yeye akahamia sokoni na cherehani yake, karibu na Mwanaisha. Kwa hiyo mimi nalipia taa, kioo na ubaridi, mtoto anachagua kwangu, kitenge ananunua kwa Mwanaisha, anashona kwa Alfani.

Nilimlalamikia binti yangu Huruma, ana miaka kumi na minane na yeye pia hushinda palepale na wenzake. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama, pale hatuji kununua. Tunakuja kukaa. Sokoni tukae wapi?"

Lililoniumiza zaidi ni la Mama Abrahamu wa Lisekese, mteja wangu wa tangu mwanzo. Alinitafuta mwezi wa tatu, mlinzi akamzuia mlangoni kwa sababu ya kikapu chake, kina kuku wawili, akakiacha chini akapanda. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti changu akipumua. Akashika doti ya khanga akaniuliza bei, nikamuonyesha karatasi iliyobandikwa. Akasema, "Hiyo ni ya wageni. Niambie yangu." Kulikuwa na vijana wawili mlangoni wanasikiliza, nami nikaona aibu, nikasema, "Mama Abrahamu, hapa hatupatani. Bei ndiyo hiyo." Akauliza, na ya kulipa msimu? Nikasema hapa hakuna mambo hayo. Akaikunja ile khanga vizuri sana akairudisha kwenye rafu, akasema, "Haya mwanangu, nimekuona," akashuka. Hajarudi.

Sasa mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu wa tisa. Cecil anataka miezi sita mingine mbele na ile asilimia kumi juu, asipoiona pesa hiyo ana mtu wa vipodozi anayesubiri. Mimi sina. Ndipo nikapanda Newala kwa mama yangu, Bibi Severina, nikamwambia kwamba halmashauri inavunja soko la Masasi, hakuna kizimba tena kwa mtu yeyote, pamebaki plaza tu, na nikitoka pale sina pa kusimama. Si kweli, soko lipo palepale. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua ataniuliza kwa nini nisirudi sokoni. Akasema kuna mtu wa Tandahimba anakodisha mikorosho kwa msimu na anatoa pesa mkononi, na yeye atampa yote sitini. Bi. Ethel, dawa ya salfa imeshapigwa mikorosho, palizi imekwisha, huyo mtu anakuja kuokota tu.

Juzi Mwanaisha amenitumia ujumbe, amesikia habari zangu, anasema njoo tugawane kizimba. Nimeusoma mara nyingi sijaujibu. Nitapitaje katikati ya watu wale wale walionisikia siku ile? Mume wangu ameniambia chochote nitakachoamua nisimuulize yeye. Nifanye nini, nisaini tena nijaribu msimu huu mmoja, labda ukiwa mzuri mambo yatabadilika, au nirudi nikachekwe?

Ni mimi,
Mama Huruma, Masasi.

JIBU LA BI. ETHEL

Marahaba. Salamu nimeipokea, mengine yamenishinda kumeza.

Safu hii hutoka mara moja kwa wiki, na barua yako ilinifikia Alhamisi, siku mbili kabla ya dole gumba la mama yako. Kwa hiyo nilikupigia simu, jambo ambalo silifanyi, nikakwambia panda gari uende Makote leo hii ukamwambie mama yako ukweli, halafu mengine tutaandikiana. Ulilia kwenye simu. Nilikuacha ulie, nikarudia palepale.

Ijumaa jioni ulinipigia mwenyewe, na kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji ulichonieleza. Ulimkuta mama yako anabangua korosho za kula. Ulimwambia soko halijavunjwa. Akasema, "Najua. Mwezi wa saba nilipokuja kwenye msiba nilinunua dagaa palepale. Nikamkuta Mwanaisha kwenye kizimba chako." Ukamuuliza kwa nini basi alikubali kutoa mikorosho. Akasema, "Niliona una haya kurudi. Nikasema bora niukose msimu kuliko kukulazimisha useme."

Soma tena maneno hayo kila siku ukiamka. Ulipanga uongo, ukaubeba kwenye basi mpaka Newala, ukamdanganya mtu ambaye hakudanganyika hata kidogo, na yeye akawa tayari kula muhogo mwaka mzima ili wewe usione aibu. Wewe kwa upande wako ulikuwa tayari ale huo muhogo ili usionekane sokoni umeshika fimbo ya kushushia vitenge. Mtu wa Tandahimba amerudishwa na gari lake tupu, hilo limekwisha. Sasa tuzungumze biashara, maana na hapo una kiburi kingi kuliko hesabu.

Unamlaumu Cecil. Cecil hajakudanganya. Alikwambia unanunua watu wanaopita mlangoni, ukapewa watu wanaopita mlangoni. Hukuuliza wanapita wakielekea wapi. Jengo lile limepangwa hivyo makusudi: duka kubwa linapewa kodi ya chini livute umati, na umati huo ndio mnaouziwa ninyi wa juu kwa bei ya juu. Hufanya kazi kwa mwenye bidhaa inayonunuliwa na mtu aliyekuja kukaa: juisi, kifuniko cha simu, rangi ya mdomo. Ndiyo maana huyo wa vipodozi anasubiri chumba chako, na huenda akafaulu. Wewe ulipeleka khanga na sare za shule, vitu ambavyo mtu hununua akiwa na shida navyo, akitaka kupatana, na mara nyingi akiwa hana pesa mpaka msimu. Ulihama na mzigo ukaacha nyuma kila kitu kilichokuwa kinauza mzigo huo. Kisha ukasaini kurasa tisa baada ya kusoma mbili. Kitenge cha elfu kumi unakigeuza mara nne kutafuta kasoro.

Unawadharau vijana. Waache. Binti yako amekupa jibu la maana kuliko barua yako nzima, nawe umelipita kama tangazo la msiba wa watu usiowajua. Sokoni wakae wapi? Kwenye gunia la vitunguu? Mji mzima haujawawekea benchi wala choo kinachofungika, mtu mmoja amejenga mahali penye ubaridi na kioo, nao wamekwenda. Hawakuibii. Wewe ndiye uliyefungua duka la kujipimia bure na kulilipia kodi. Na hao wazee wa kamati ya soko wanaosema plaza imewaharibia vijana, wananisoma, wakajibu kwanza lini mara ya mwisho vyoo vya soko vilisafishwa.

Kuhusu Mama Abrahamu nitasema kidogo kwa sababu nikisema sana nitakosa adabu. Mwanamke amekununulia miaka kumi na mmoja, amepanda ngazi na magoti yake, kuku wake wameshikiliwa na mlinzi kama wahalifu, halafu ukamwaibisha mbele ya vijana wawili ambao hata majina yao huyajui. Hukupoteza doti moja pale. Umepoteza Lisekese.

Unauliza kama usaini tena. Usisaini. Msimu ukiwa mzuri utalinufaisha duka la chini, lenye lori. Andika barua leo, siyo maneno ya mdomoni, kwamba hurefushi mkataba, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi ubaki nayo. Kabla ya kutoka piga picha kuta, sakafu, taa na mlango, ili wasije wakakukata amana, kama uliweka, kwa mikwaruzo uliyoikuta. Kile kifungu cha kilomita tatu hufa pamoja na mkataba, lakini usianze kuuza sokoni hata siku moja kabla haujaisha, wasipate la kukushika. Hizo nguo za mikono ya puto zilizobaki usiende nazo kizimbani zikachukue nafasi, zipeleke minadani Newala na Tandahimba malipo ya kwanza yakitoka, uza kwa bei ya kuzimaliza.

Kizimba usigawane kwa siri. Halmashauri hairuhusu mtu kumpangisha mwenzake, na mkisemwa na mwenye wivu Mwanaisha atanyang'anywa kwa wema wake. Nendeni wote wawili ofisi ya soko, mwandikishwe kama washirika, gharama nusu kwa nusu. Yeye aendelee na mashuka, wewe vitenge. Na kwa kuwa mabinti wanakuja na picha kwenye simu, kubalianeni na Alfani: kitenge kwenu, mshono kwake, na nguo mbili tatu alizozishona zitundikwe mbele wazijaribu. Nunueni kioo kirefu. Wekeni benchi. Wapigeni picha nyinyi wenyewe. Hiyo ndiyo faida pekee uliyotoka nayo ghorofa ya pili, umeona kijana anapenda nini, usiiache kule.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa. Uliyemdhalilisha ulimdhalilisha mbele za watu, na msamaha wake hautapita kwenye simu. Usimjibu ule ujumbe. Nenda Jumatatu saa nne asubuhi, soko likiwa limejaa, usimame mbele ya meza yake, wewe uanze kumsalimia, na ukiomba radhi uombe kwa sauti ile ile uliyoitumia siku unahama. Wakicheka waache wamalize. Kisha vua viatu hivyo vya plaza, shika upande mmoja wa belo, yeye ashike mwingine.